Nani Atashika Kazi Yako Ukiwa Likizo?

Barua nyingi za maombi ya likizo zinafanana. Kuna anwani, kuna "YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA MWAKA", kuna tarehe ya kuondoka na ya kurudi, kisha shukrani na sahihi. Kati ya tarehe na shukrani huwa kuna sentensi moja, nayo inasema hivi: "Katika kipindi hicho majukumu yangu yataendelea kutekelezwa na wenzangu ofisini." Mkuu wa kazi anaisoma, anaandika "Imeidhinishwa" pembeni, na barua inaingia kwenye faili.

Sentensi hiyo haimtaji mtu yeyote. "Wenzangu" ni akina nani? Majukumu yapi? Siku kazi itakapodai mwenyewe, kila aliyeko ofisini atadhani mwenzake ndiye aliyeachiwa. Mahali pa sentensi hiyo panahitaji aya ya makabidhiano: maneno machache yanayomtaja anayebaki na kazi, na kueleza zipi zitakuwa zimekwisha kabla hujatoka mlangoni.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Bi. Saada ni mhasibu wa kampuni ndogo ya vifaa vya ujenzi jijini Mwanza. Kampuni na watu wake ni wa mfano tu, ila kazi yenyewe ni ya kweli na tarehe zake ni za kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 31, inampa likizo ya siku 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabika ndani yake. Anaomba kuanzia tarehe 2 Juni hadi 29 Juni, arudi kazini tarehe 30. Siku yake ya mwisho ofisini ni tarehe 30 Mei.

Kabla ya kuandika lolote, Bi. Saada anafungua kalenda ya Juni na kutazama tarehe ambazo hazimsubiri mtu. Tarehe 7 ni mwisho wa kuwasilisha TRA kodi ya PAYE na tozo ya SDL za mishahara ya Mei. Tarehe 20 ni ritani ya VAT ya Mei. Michango ya NSSF ya Mei inatakiwa iwe imefika ndani ya siku 30 baada ya mwezi kwisha, yaani tarehe 30 Juni. Katikati ya hayo kuna mishahara ya Juni yenyewe, ambayo kampuni hii hulipa tarehe 26. (Mhasibu wa Kenya atakuwa na kalenda nyingine kidogo, kwa sababu PAYE ya kule mwisho wake ni tarehe 9, ila zoezi ni lilelile.)

Sasa anagawa kazi, na hapa ndipo waombaji wengi wanapokosea kwa nia njema kabisa. Mtu anataka kumridhisha mkuu wake, anaandika kwamba kazi zote zitakuwa zimekamilika kabla hajaondoka. Haiwezekani. Ritani ya VAT ya Mei haikamiliki tarehe 30 Mei, kwa sababu mwezi haujaisha. Bado kuna mauzo ya siku ya mwisho, na wauzaji wa saruji na nondo bado hawajaleta ankara zao zote. Ukiahidi kuimaliza, utafanya moja kati ya mawili. Ama utaifunga ikiwa na mapengo, ama utaiacha bila kumwambia mtu, ukitumaini kuifanyia huko uendako kwa simu.

Kwa hiyo kazi zinaangukia mafungu matatu. Za kwanza zinaweza kwisha kweli: mishahara ya Mei inalipwa tarehe 27, na daftari la fedha la Aprili linalinganishwa na taarifa ya benki mpaka tofauti zote zipate maelezo. Za pili zinaandaliwa na kuachwa zikingoja hatua moja ya mwisho. Jedwali la PAYE na SDL la Mei ni la namna hii: hesabu zote zimeshafanyika kwa sababu mishahara imeshalipwa, na anayebaki atawasilisha na kulipa tu. Za tatu zinakabidhiwa zima zima, mwanzo hadi mwisho, nazo ni VAT ya Mei na mishahara ya Juni. Fungu la pili ndilo ninaloliona likisahaulika zaidi katika barua. Kazi iliyoandaliwa inaonekana kama imekwisha, na aliyebaki akiliona jedwali limejaa hadhani kwamba kuna kitu kimebaki mikononi mwake.

Halafu linakuja jina. Bi. Saada anamfuata Bw. Juma, mhasibu msaidizi, anakaa naye na kalenda mezani, anamuuliza kama ataweza. Hatua hii haiandikwi popote lakini ndiyo inayoibeba aya nzima. Huenda Bw. Juma mwenyewe ameomba ruhusa ya wiki ya tarehe 20 kwa harusi ya ndugu yake. Afadhali lijulikane sasa, maana mtu aliyegundua jina lake kwenye barua ya mwenzake ikiwa imeshapigwa muhuri anaona ametwishwa mzigo, na kazi ya kutwishwa haifanywi vizuri. Kumbuka pia kwamba mwombaji anapendekeza tu. Anayempangia Bw. Juma kazi ni mkurugenzi, ndiyo maana aya inasema "napendekeza".

Baada ya mazungumzo hayo, aya yenyewe inaandikika hivi:

"Katika kipindi hicho napendekeza majukumu yangu yashikwe na Bw. Juma, mhasibu msaidizi, ambaye nimezungumza naye na ameridhia. Hadi tarehe 30 Mei nitakuwa nimelipa mishahara ya Mei, nimelinganisha hesabu za benki za Aprili, na nimemkabidhi fedha taslimu za ofisi kwa hesabu tutakayoisaini sote wawili. Jedwali la PAYE na SDL la Mei nitaliacha tayari; yeye ataliwasilisha TRA na kuandaa malipo kabla ya tarehe 7 Juni. Ritani ya VAT ya Mei ataiandaa na kuiwasilisha kabla ya tarehe 20 Juni, kwa kuwa ankara za mwisho wa mwezi zitakuwa hazijafika nitakapoondoka. Michango ya NSSF ya Mei ataandaa malipo yake kabla ya tarehe 20 Juni, na mishahara ya Juni atakuletea kwa idhini kabla ya tarehe 24. Uidhinishaji wa malipo benki unabaki kwako kama ilivyo sasa."

Mkurugenzi akishamaliza kuisoma anaweza kujibu swali lolote la Juni bila kumpigia simu aliye likizo. Ndicho kipimo ninachokitumia mimi: nachagua tarehe moja katikati ya likizo, nauliza siku hiyo nani anafanya nini, na jibu nalitafuta ndani ya aya peke yake.

Sentensi ya mwisho kuhusu benki inastahili maelezo. Barua ya likizo haimpi mtu mamlaka ambayo hakuwa nayo. Katika mfumo wa benki wa kampuni nyingi mmoja huandaa malipo na mwingine huidhinisha, na utaratibu huo uliwekwa ili mtu mmoja asiweze kutoa fedha peke yake. Bw. Juma anatakiwa kuandaa malipo kwa akaunti yake mwenyewe ya mfumo. Kama hana, mkurugenzi aiombe benki imfungulie kabla ya tarehe 30 Mei, na jambo hilo nalo liandikwe. Kumwachia nywila kwenye karatasi chini ya kibodi ni njia ya haraka, na ni hatari kwa wote wawili: malipo yatakayofanyika Juni yatasomeka kwamba yameandaliwa na Bi. Saada, ambaye siku hiyo yuko kijijini kwa wazazi wake.

Fedha taslimu nazo hazikabidhiwi kwa maneno. Tuseme kasha la fedha za matumizi madogo lina kiwango cha shilingi 500,000. Tarehe 30 Mei wawili hao wanafungua kasha pamoja na kuhesabu: noti na sarafu ni shilingi 312,500, stakabadhi za matumizi ni shilingi 187,500, jumla inatimia. Wanaandika mistari hiyo mitatu, wanasaini na kuweka tarehe. Kasoro ikitokea Juni, inajulikana ilianza lini. Maelezo haya yote hayaingii kwenye barua. Barua inataja tu kwamba makabidhiano yatafanyika, na karatasi yenye hesabu inabaki kwenye kasha, nakala kwa mkurugenzi. Nimeona barua zilizojaza kurasa mbili kwa orodha ya mafaili na makabati, hadi jina la mshika kazi likafichika katikati. Orodha ndefu ina mahali pake, yaani kwenye hati ya makabidhiano.

Kuna ahadi moja ambayo ningependa itoke kabisa kwenye barua hizi: "Nitapatikana kwa simu wakati wote." Inaandikwa kwa uungwana, lakini inamwondolea Bw. Juma sababu ya kujifunza kazi mapema, na inampa mkuu ruhusa ya kukukatiza mapumziko. Aya iliyoandikwa vizuri inayafanya mapumziko yawezekane, kwa sababu maswali yameshajibiwa.

Likizo ya uzazi inataka hesabu tofauti kidogo. Sheria hiyohiyo inampa mama siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka atoe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Anaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi daktari akiona inafaa. Siku ya kuondoka basi haina uhakika. Mama huyu asipange kazi za kumaliza ziishie siku yake ya mwisho kazini. Azivute nyuma mwezi mzima, na mshika kazi aanze kuzifanya pamoja naye akiwa bado ofisini, ili kuondoka kwa ghafla kusiache kazi hewani.

Turudi kwa Bi. Saada na ile michango ya NSSF. Mwisho wake kisheria ni tarehe 30 Juni, siku anayoripoti kazini, na kishawishi cha kujiwekea kazi hiyo ni kikubwa: "Hii nitaifanya mwenyewe nikirudi." Lakini basi la kutoka kijijini linaweza kuharibika njiani, na siku ya kwanza ofisini huwa ya kusalimiana, kupokea kasha kwa hesabu na kusoma yaliyopita. Ndiyo maana katika aya yake kazi hiyo imeandikwa jina la Bw. Juma, na tarehe imevutwa hadi 20.