Wingu la Ichimoku: kila mstari una siku yake

Anayefungua chati ya Ichimoku kwa mara ya kwanza kwenye simu huona mistari mitano iliyosokotana, doa la rangi lililotangulia mbele ya bei, na uzi mmoja uliobaki nyuma kama umesahaulika. Wengi huifunga papo hapo. Wengine, na mimi nilikuwa miongoni mwao, hufanya kosa kubwa zaidi: huisoma kana kwamba kila kilichochorwa mahali fulani ni cha siku ya mahali hapo. Kwa miezi kadhaa niliutazama uzi ule wa nyuma nikidhani unanieleza habari za mwezi uliopita, kumbe ulikuwa unazungumzia leo.

Aliyebuni chati hii ni mwandishi wa habari wa Kijapani, Goichi Hosoda, aliyetumia jina la kalamu Ichimoku Sanjin. Aliianza katika miaka ya 1930, akaichapisha kitabuni mwishoni mwa miaka ya 1960 baada ya kuifanyia kazi kwa mkono miaka mingi. Jina lake kamili, Ichimoku Kinko Hyo, ni kama kusema chati ya kuona mizani ya soko kwa kutupa jicho mara moja. Neno la kushika hapo ni mizani. Hosoda alitaka kujua wanunuzi na wauzaji wamekutana wapi katikati, na swali hilo hilo moja ndilo lililozaa karibu mistari yote.

Tuanze na mstari wa ugeuzi, ambao kwenye skrini huandikwa `Tenkan-sen`. Unachukua siku tisa za mwisho, unatafuta bei ya juu kabisa na ya chini kabisa iliyoguswa ndani ya siku hizo, unazijumlisha na kugawa kwa mbili. Basi. Haujali siku nyingine saba zilifungaje. Hapo ndipo unapotofautiana na wastani wa kawaida wa bei, ambao huhesabu kila siku. Mstari wa msingi, `Kijun-sen`, hufanya hesabu ile ile kwa siku 26.

Tuseme kuna hisa katika soko la Tokyo, nami natunga namba ili zieleweke kwa urahisi. Katika siku tisa hizi ilifika juu yeni 1,060 na chini yeni 980. Mstari wa ugeuzi unakaa 1,020. Katika siku 26 kilele ni kile kile 1,060, lakini bonde ni 900, kwa hiyo mstari wa msingi unakaa 980. Ule wa haraka uko juu ya ule wa polepole, maana yake kitovu cha mapambano ya karibuni kimepanda kuliko kile cha mwezi mzima. Watu huita hiyo dalili ya kupanda, na ni kweli, ila kuna jambo la kuangalia. Tuseme ile 980 iliguswa siku ya kwanza kati ya hizo tisa. Kesho siku hiyo inatoka kwenye hesabu, na kama bei ya chini inayofuata ni 1,000, mstari wa ugeuzi utaruka hadi 1,030 hata kama soko limelala kutwa nzima. Kwa hiyo mstari huo ukisogea, tazama kwanza: je, kuna kilele au bonde jipya, au siku ya zamani imedondoka tu? Na ukiona umelala sawa kama meza, ujue kwamba kwa siku hizo hakuna aliyevunja kilele wala bonde.

Sasa wingu, ambalo Wajapani huliita kumo. Lina kingo mbili. Ukingo wa kwanza, `Senkou Span A`, ni katikati ya mistari miwili tuliyokwisha kuiona: 1,020 na 980 inatupa 1,000. Ukingo wa pili, `Senkou Span B`, ni katikati ya kilele na bonde la siku 52. Tuseme ni 1,080 na 860, basi ni 970. Namba hizi mbili hazichorwi leo. Zinasukumwa siku 26 mbele, na nafasi iliyo kati yake hupakwa rangi. Hilo halitabiri kwamba bei itafika hapo. Ni mizani ya leo iliyowekwa akiba, ili baada ya wiki kadhaa tuone kama soko bado linaiheshimu.

Kwa hiyo wingu lililo chini ya bei ya leo lilipikwa siku 26 zilizopita. Kwa hisa yetu, wakati ule bei ndiyo kwanza ilikuwa inanyanyuka kutoka kwenye bonde la 860, na kingo zilitoka 930 na 980, ule wa kwanza ukiwa chini. Rangi yake basi ni ya kushuka. Lakini hisa imefunga leo kwa 1,045, juu ya wingu lote. Wanaoanza huchanganyikiwa hapa: rangi inasema kushuka, mahali pa bei panasema kupanda. Hakuna mgongano. Rangi ni kumbukumbu ya siku zile, na wingu jipya lililo mbele, kati ya 970 na 1,000, tayari limegeuka rangi. Unene nao una maana yake: wingu nene limezaliwa na mabishano makubwa ya bei, na mara nyingi bei hukwama ndani yake, jembamba hupenywa kwa urahisi. Bei ikiwa ndani ya wingu, mimi huacha kusoma dalili za mistari mingine, kwani hapo hupishana huku na huku bila kufika popote.

Umebaki uzi wa nyuma, `Chikou Span`, mstari uliochelewa. Huu hauna hesabu yoyote. Ni bei ya kufunga ya leo, imerudishwa siku 26 nyuma. Ile 1,045 yetu inachorwa mahali ambapo bei ilikuwa 910. Uzi uko juu ya bei ya wakati ule kwa yeni 135, yaani aliyenunua siku ile na hajauza yuko kwenye faida. Ndiyo maana uzi ukiwa huru juu ya bei za zamani, mwenendo wa kupanda una nguvu, na ukijinasa ndani yake, soko linazunguka pale pale.

Siku zikisonga, uzi nao unasonga kulia, kuelekea siku ambazo hisa ilikwisha kupanda. Hisa ikisimama tu kwenye 1,045 kwa wiki tatu, uzi utakutana na bei za 1,000 na zaidi, na ile nafasi pana itayeyuka bila bei kushuka hata yeni moja. Na anayejaribu mbinu yake kwa chati za zamani ajihadhari zaidi: akiuona uzi umepanda mwezi Machi, asijidai kwamba angenunua Machi. Bei ile ilijulikana siku 26 za soko baadaye.

Namba 9, 26 na 52 hutajwa kuwa zinatokana na enzi ambazo Japani ilifanya kazi hadi Jumamosi, mwezi ukawa na siku 26 hivi za soko. Leo wapo wanaozibadilisha. Wengi tunaziacha kama zilivyo.

Turudi kwa hisa yetu. Mstari wa msingi uko 980, na ukingo wa juu wa wingu la leo uko 980 pia. Bei ikirudi hadi pale na kugeuka, bado inapanda. Ikifunga chini ya hapo, imevunja mizani mbili kwa siku moja na imeingia ndani ya wingu, na aliyenunua kwa 1,045 anatakiwa awe ameamua kabla ya siku hiyo kama atatoka.