Grupu la Harusi Linaloibuka Kila Siku

Harusi imepita, hesabu za michango zimesomwa, lakini grupu la kamati bado liko hai. Mara tangazo la viwanja, mara dua ya Ijumaa, mara video ya dakika tano isiyo na mwenyewe. Kujitoa kunaleta maneno. Ni kweli kwamba tangu 2022 WhatsApp humjulisha msimamizi wa grupu peke yake mtu anapotoka, ila msimamizi mwenyewe ndiye shangazi wa bwana harusi. Basi wengi huchagua njia ya upole: wanaliondoa grupu kwenye orodha kuu na kulisogeza kwenye sehemu iitwayo Archived. Kwenye Android unabonyeza jina la grupu kwa sekunde chache, kisha unagusa alama ya kisanduku chenye mshale unaoelekea chini. Kwenye iPhone unalivuta jina kwenda kushoto na kugusa Archive. Grupu linatoweka machoni, ujumbe wake wote unabaki, na hakuna mwanagrupu anayearifiwa.

Kero huanza meseji mpya inapoingia. Grupu hilohilo linarudi juu kabisa ya orodha, kana kwamba halikuguswa. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo WhatsApp ilivyofanya kazi: kuhifadhi mazungumzo kulidumu mpaka mtu aandike tena. Kwa mazungumzo yaliyokufa haikuwa shida, lakini kwa grupu lenye watu wengi ilikuwa kazi bure. Mabadiliko yalikuja Julai 2021, pale WhatsApp ilipoleta mpangilio unaoyazuia mazungumzo yaliyohifadhiwa yasitoke, hata zikiingia meseji mia.

Kwa hiyo, kama mazungumzo yako bado yanarudi yenyewe, kitu cha kwanza cha kutazama ni huo mpangilio, kwani unaweza kuwa umezimwa. Fungua hivi:

```
Settings > Chats > Keep chats archived
```

Swichi ikiwa imewaka, umemaliza. Ikiwa imezimwa, iwashe, halafu rudi kwenye orodha ulihifadhi grupu upya. Hatua hii ya pili ndiyo inayosahaulika. Swichi haiyafuati mazungumzo yaliyokwisha kutoka, inayashikilia tu yaliyomo ndani. Mtu anaiwasha, anaona grupu bado liko palepale, anadhani simu ni mbovu.

Wengine swichi imewaka na bado wanalalamika. Mara nyingi hao hawakuhifadhi kitu, walinyamazisha tu. Kunyamazisha huondoa mlio, lakini grupu hubaki kwenye orodha kuu na hupanda juu kila meseji inapoingia. Utalitambua kwa alama ya spika au kengele iliyopigwa mstari kando ya jina lake.

Mpangilio huu una gharama yake, nayo si ndogo. Mazungumzo yaliyohifadhiwa hayapigi mlio wa meseji wala hayaleti taarifa kwenye kioo, isipokuwa mtu akutaje kwa alama ya @ au ajibu meseji yako moja kwa moja. Tena swichi ni moja kwa mazungumzo yote. Huwezi kuamua kwamba grupu la harusi likae ndani lakini fundi wako atoke akiandika. Ukimhifadhi mwenye nyumba kwa hasira za mwisho wa mwezi, meseji yake ya notisi itaingia kimya kimya. Dalili utakayoiona ni namba kando ya neno Archived, nayo huhesabu mazungumzo yenye meseji usizosoma, wala si meseji zenyewe. Grupu moja lenye meseji 300 litaonyesha 1.

Wanaotumia Telegram wana kanuni nyingine, na ndiyo inayowachanganya wanaotumia zote mbili. Huko kunyamazisha ndiko kunakoamua. Mazungumzo uliyoyanyamazisha kabla ya kuyahifadhi hubaki ndani, na yale yanayolia hurudi kwenye orodha kuu meseji mpya ikiingia. Kwa hiyo dawa ya haraka ni kulinyamazisha grupu kwanza. Asiyetaka kunyamazisha aingie kwenye mipangilio ya hifadhi, awashe kipengele cha kuyabakiza ndani hata yale ambayo hayajanyamazishwa.

Kitu kimoja hakibadiliki hata swichi ikiwaka: grupu lililofichwa linaendelea kupokea. Kama simu yako inapakua picha na video zenyewe, zile za kamati zitaendelea kula bando na kujaza simu bila wewe kuziona. Kwenye WhatsApp dawa yake iko kwingine, Settings, kisha Storage and data, kwenye sehemu ya Media auto-download. Hapo ondoa alama kwenye picha na video za data ya simu, ukipenda na za Wi-Fi. Faili zitasubiri hadi uziguse.