Kreatini Safarini
Kinachomchelewesha msafiri uwanja wa ndege si kreatini, ni unga mweupe uliofungwa kwenye mfuko usio na lebo. Kreatini yenyewe haimo katika orodha ya WADA ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni.

Anayetoka Nairobi kwenda New York ajue kuwa unga unaozidi mililita 350 unaweza kuzuiwa asiingie nao ndani ya ndege. Kopo kubwa liende kwenye mzigo wa chini, na lebo yake. Ofisa akiuliza, jibu fupi latosha: “Ni kirutubisho cha mazoezi, afande, natumia mwenyewe.”

Ugenini, gramu 3 hadi 5 kwa siku, saa yoyote. Siku mbili zikipita bila kunywa, asifidie kwa dozi kubwa inayoweza kuvuruga tumbo. Akiba ya misulini hupungua taratibu, kwa wiki kadhaa.