Herufi 15 za Bangili

Mteja wangu mmoja alinunua mtandaoni bangili yenye kibati cha kuchongwa jina. Kwenye kisanduku cha maneno akaandika: “Rukia herufi kubwa.” Nilichonga kama ilivyokuja, neno kwa neno. Yeye alitaka RUKIA tu. Kosa lilikuwa la tangazo langu: lilikuwa na kisanduku kimoja, na mtu mwenye maelekezo hakuwa na pengine pa kuyaweka. Sasa ninavyo viwili, kimoja cha “Maneno yatakayochongwa, kama yatakavyosomeka” na kingine cha maelekezo kwa fundi.

Idadi ya herufi nayo haikisiwi, hupimwa kwenye chuma. Kibati changu kina urefu wa milimita 40. Nikiacha milimita 4 kila upande, zinabaki 32. Kwa mwandiko ninaoutumia, herufi moja pamoja na mwanya wake huchukua kama milimita 2, kwa hiyo zinaingia 16. Kwenye tangazo naandika 15, kwa sababu M na W ni pana kuliko nyingine. Tena naeleza wazi kwamba nafasi kati ya maneno inahesabiwa, maana hapo ndipo wengi hukwama. “Mwanahamisi” ni herufi 11, linakaa vizuri. “Mwanahamisi na Abdulrahman” ni 26. Ukilazimisha, maandishi yanakuwa madogo hata mkongojo wa M unazibana na kuonekana doa. Wanandoa wa namna hiyo huwaandikia kwamba jina moja linaweza kukaa nje na jingine ndani ya kibati.

Majina kama Nyang'oro yana mtego wake. Baadhi ya simu huandika kile kijialama kikiwa kimepinda, na mwandiko usiokuwa nacho huweka kimraba mahali pake. Ndiyo maana sichongi kabla ya kumtumia mteja picha ya maneno yalivyopangwa. Nami siandiki jina upya kwa mkono. Nalinakili, maana kidole kilichozoea Zainabu humwongezea u hata aliyejiandika Zainab.

Picha hiyo ndiyo inayoamua tarehe ya mwisho. Tuseme harusi iko Mwanza Jumamosi tarehe 20, nami niko Dar es Salaam. Zawadi ifike Alhamisi tarehe 18, kwa hiyo inapanda basi Jumatano alfajiri. Kuchonga na kung'arisha ni Jumatatu na Jumanne. Mteja awe ameikubali picha kufikia Ijumaa tarehe 12 jioni, na oda iwe imeingia Alhamisi tarehe 11 kabla ya saa 6 mchana. Kwenye tangazo naziandika tarehe zote mbili, ya kuagiza na ya kuikubali picha. Aliyelipa mapema lakini akajibu picha Jumanne, bangili yake haitaliwahi basi la Jumatano, na ni haki yake kulijua hilo kabla hajatoa hela.