Anaposema "mwaka huu hatuna bajeti"

Nauza mfumo wa kompyuta wa kufuatilia ada za shule. Machi, mhasibu wa shule moja ya sekondari ya binafsi alinijibu hivi: "Asante, ila mwaka huu hatuna bajeti." Zamani ningeshusha bei papo hapo. Kosa hilo limeninyima wateja wengi, maana anayepunguziwa kabla hajaomba hubaki akijiuliza kama bei ya kwanza ilikuwa ya kweli. Tena, kwetu mtu hapendi kumkatalia mwenzake usoni, na bajeti ni kisingizio kisichomuumiza yeyote.

Nilimwandikia: "Nashukuru kwa kunijibu, dada. Sitakusumbua juu ya bei. Naomba swali moja tu: kama fedha ingekuwepo leo, mngeuchukua mfumo huu, au kuna jambo jingine lingewazuia?"

Kesho yake akanipigia. Kumbe walishawahi kununua mfumo wa namna hiyo. Fundi aliyeuweka akaacha kupokea simu, kumbukumbu zikabaki kwake, na mhasibu akakaa wiki tatu akiandika upya stakabadhi kwa mkono. Aliyesaini ununuzi ule ni mkuu wa shule, na bodi ilimhoji. Hakuwa tayari kuhojiwa tena. Hata ningepunguza nusu ya bei, hofu ile isingepungua.

Basi nikaacha bei, nikashughulikia hofu. Tulikubaliana tuanze na kidato cha kwanza pekee kwa muhula mmoja, kumbukumbu zikae kwenye kompyuta ya shule, na kila Ijumaa mhasibu atoe nakala anayoweza kuifungua kwa Excel hata nisipokuwepo. Malipo ya muhula yalikuwa shilingi 350,000. Nilipomuuliza kiasi anachoweza kuidhinisha mkuu bila kwenda kwenye bodi, alisema 500,000. Fedha ikatoka kwenye fungu la vifaa vya ofisi, lile lile lililokuwa likinunua vitabu vya stakabadhi.

Si kila mara kuna siri nyuma ya jibu hilo. Asiye na fedha kweli kwa kawaida hukutajia tarehe na mtu: kamati inakaa Oktoba, muone mhasibu mkuu. Anayesema "tutawasiliana" bila siku wala jina huwa anaficha jambo, au hana mamlaka ya kuamua na anaona aibu kulisema.

Kwa yule wa kwanza, usibishane. Muulize nani anaandika makadirio na lini anayafunga, kisha mpelekee ankara kifani yenye kiasi kamili kabla ya siku hiyo, apate tarakimu ya kuweka. Ofisi za serikali ya Tanzania huanza mwaka wa fedha Julai 1, na makadirio yake huandaliwa miezi kadhaa kabla. Ukibisha hodi Juni, utakuta mafungu yameshagawanywa.