Maneno ya Chini ya Picha ya Sare ya Iddi

Asubuhi ya Iddi, baada ya swala, familia nyingi hupiga picha zikiwa zimevaa sare: kitenge kimoja, mishono mbalimbali. Kinachosumbua ni maneno ya kuweka chini yake. "Familia yangu, furaha yangu" hayana kosa, ila yanafaa picha yoyote ile. Itazame picha kwanza, utafute jambo moja ambalo mtazamaji ataliona mwenyewe.

Tuseme kitambaa hakikutosha, fundi akamshonea baba shati lenye mikono ya rangi nyingine, na mtoto mdogo amevua kiatu kimoja. Chukua shati, kiatu kiache. Andika: "Kitenge kilikuwa cha watu watano, tukajitokeza saba. Ushahidi ni mikono ya shati la baba. Iddi Mubarak kutoka kwetu sote!" Sentensi ya kwanza inataja tatizo, ya pili inamwonyesha mtu pa kutazama, kisha salamu inafunga.

Utani huu unamwangukia mtu mzima anayeweza kuubeba. Usimtanie mtoto aliyelia wala mgeni aliyekosa sare. Hao hawakuchagua, na picha hukaa miaka. Kabla ya kuituma, msomee baba. Asipocheka, badilisha.