Boeing Ilipouza Kazi Yake na Kuinunua Tena

Tarehe 8 Julai 2007, katika kiwanda cha Boeing cha Everett, jimbo la Washington nchini Marekani, milango mikubwa ilifunguliwa na ndege mpya ya 787 Dreamliner ikaonyeshwa mbele ya maelfu ya wageni. Iling'aa kwa rangi mpya. Kampuni ilikuwa imepanga iruke kabla ya mwisho wa Agosti mwaka huohuo. Wageni hawakuona kwamba ndani ilikuwa karibu tupu. Nyaya na mitambo mingi haikuwa imefungwa bado, na sehemu kadhaa za bodi zilishikiliwa na ribiti na skrubu za muda kwa sababu zile za kudumu zilikuwa zimeadimika.

Ndege hiyo iliruka mara ya kwanza tarehe 15 Desemba 2009. Shirika la Kijapani la All Nippon Airways, mteja wa kwanza, lilitarajia kupokea ndege yake Mei 2008, likaipata Septemba 2011. Kenya Airways, iliyoagiza mwaka 2006, ilipokea ya kwanza Aprili 2014.

Ucheleweshaji huo ulikuwa na sababu kadhaa. Bodi la ndege hii limejengwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, teknolojia ambayo haikuwahi kutumika kwa kiwango hicho katika ndege ya abiria. Lakini sababu iliyozungumzwa zaidi na wataalamu wa uendeshaji wa viwanda ni uamuzi uliofanywa mezani miaka kadhaa kabla: kazi gani kampuni iifanye yenyewe, na ipi iwape wengine.

Katika ndege zake za awali Boeing ilichora michoro na kuwakabidhi wazabuni, nao wakatengeneza vipande kama walivyoelekezwa. Kwa 787 ilikwenda mbali zaidi. Takriban asilimia 70 ya kazi ilipelekwa nje, na washirika wakubwa hawakupewa kutengeneza tu, walipewa hata usanifu. Mitsubishi ya Japani ilichukua mabawa. Alenia ya Italia ilichukua sehemu ya kati ya bodi na mabawa madogo ya mkiani. Vought ilichukua sehemu ya nyuma, katika kiwanda kipya Charleston, jimbo la South Carolina. Boeing yenyewe ingepokea vipande vikubwa vilivyokwisha kukamilika, ikiwamo mifumo yake ya ndani, na kuviunganisha Everett. Lengo lilikuwa kuunganisha ndege moja kwa siku tatu.

Washirika hao pia walikubali kulipia wenyewe usanifu na mitambo ya sehemu zao, kisha warudishiwe fedha zao ndege zitakapoanza kuuzwa. Kwa macho ya mhasibu, ulikuwa mpango mzuri sana. Boeing ingepata ndege mpya bila kubeba mzigo wote wa mtaji.

Hesabu ya aina hiyo hufanywa kila siku hata katika biashara ndogo, na kosa lake la kwanza huwa lilelile. Tuchukulie karakana ya samani jijini Dar es Salaam inayotengeneza fremu 1,000 za madawati. Kila fremu inaigharimu shilingi 28,000: chuma na rangi 14,000, ujira wa mchomeleaji 6,000, na 8,000 iliyobaki ni mgawo wa kodi ya jengo, mashine na mshahara wa msimamizi. Anakuja jirani anasema atawauzia fremu hiyohiyo kwa 24,000. Inaonekana kuna faida ya 4,000 kwa kila fremu.

Lakini fremu zikinunuliwa, mwenye jengo ataendelea kudai kodi yake na msimamizi atasubiri mshahara mwisho wa mwezi. Ile 8,000 haiondoki. Kinachookolewa ni 20,000 tu, na badala yake karakana inalipa 24,000. Kwa fremu 1,000 imepoteza shilingi milioni nne. Kununua kutalipa tu ikiwa nafasi na mashine zilizoachwa wazi zitafanya kazi nyingine inayoingiza zaidi ya hizo milioni nne, au ikiwa eneo hilo litarudishwa kwa mwenyewe na kodi ikapungua. Na hapo bado hazijahesabiwa nauli ya kusafirisha fremu, muda wa kuzikagua, na zile zitakazorudishwa kwa kuwa zimepinda.

Ndani ya Boeing kulikuwa na mtu aliyeeleza jambo linalofanana na hilo kabla mradi haujaanza. Mwaka 2001 mhandisi John Hart-Smith aliwasilisha andiko la ndani kuhusu kutoa kazi nje. Alieleza kwamba kazi ikiondoka, faida yake nayo huondoka kwenda kwa anayeifanya, ilhali gharama za kusimamia, kusafirisha na kurekebisha makosa hubaki kwa mwenye bidhaa. Alionya pia kuhusu kipimo kilichopendwa na wawekezaji, yaani faida ikigawanywa kwa thamani ya mali za kampuni. Kampuni yenye mali za 100 na faida ya 10 inapata asilimia 10. Ikiuza viwanda vya thamani ya 40 na faida ikashuka hadi 8, sasa inapata 8 kwa mali za 60, yaani asilimia 13 na zaidi. Kipimo kimepanda, ingawa fedha zinazoingia zimepungua.

Baada ya gharama huja udhibiti, na hapo ndipo 787 ilipokwama kwelikweli. Washirika wa kwanza nao waliwapa kazi wazabuni wao, na hao wakawapa wengine. Boeing iliweka mfumo wa kompyuta wa kufuatilia maendeleo ya kila ngazi, lakini taarifa zilizoingizwa hazikuwa kamili wala hazikuja kwa wakati. Meneja aliyekaa Everett alijua hali halisi pale tu mzigo uliposhushwa kutoka kwenye ndege kubwa ya kubebea vipande. Sehemu zilifika bila nyaya na bila mifumo iliyotakiwa kuwamo, kazi iliyobaki ikiambatanishwa nazo. Mafundi waliojiandaa kuunganisha vipande vichache vilivyokamilika wakajikuta wakimalizia maelfu ya kazi ambazo hawakuzianza wao.

Kazi ya namna hiyo ina dalili zinazoonekana mapema. Mzabuni anaanza kuleta bidhaa yenye orodha ya mambo "yatakayomaliziwa huko". Ripoti zake zinasema yuko kwenye ratiba, lakini hakuna anayeweza kuonyesha kipande chenyewe. Na wateja wanapouliza tatizo liko wapi, mwenye bidhaa analazimika kwanza kumpigia simu mzabuni. Anayeona dalili hizo amebakiwa na nembo yake kwenye bidhaa, lakini hana tena habari za bidhaa hiyo.

Maungio yalikuwa eneo jingine la hatari. Katikati ya mwaka 2009 majaribio yalionyesha udhaifu mahali bawa linapoungana na bodi, na safari ya kwanza ikaahirishwa tena. Bawa lilitengenezwa na Mitsubishi, na kisanduku kinacholipokea kikatengenezwa na Fuji. Kila upande ulikuwa na mwenyewe. Pale walipokutana, aliyetakiwa kuangalia pande zote mbili alikuwa Boeing.

Kuhusu hatari, mkataba wa kugawana mzigo ulifikiriwa kuwa kinga, lakini ulifanya kazi kinyume. Kwa kuwa washirika wangelipwa ndege zikishaanza kuuzwa, aliyewahi hakulipwa mapema kuliko aliyechelewa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kulipa muda wa ziada ili awahi, akijua mwenzake bado yuko nyuma. Na mshirika alipoishiwa fedha, hatari ilirudi mikononi mwa Boeing, maana ndege isiyo na mkia haiuziki.

Mwaka 2013 ilionekana pia jinsi hatari inavyoweza kujificha ngazi mbili chini. Mwezi Januari betri za 787 mbili za Kijapani zilipata hitilafu, moja ikawaka moto uwanjani Boston, na ndege zote za aina hiyo, 50 wakati huo, zikazuiwa kuruka. Betri zilitengenezwa na GS Yuasa ya Japani, iliyokuwa mzabuni wa Thales ya Ufaransa, iliyokuwa mzabuni wa Boeing. Wachunguzi wa Marekani walikuta kasoro kwa mtengenezaji, katika usimamizi wa waliokuwa juu yake, na katika taratibu za mamlaka iliyoidhinisha ndege.

Hata hivyo, hadithi hii haisemi kwamba kununua ni kosa. Boeing haitengenezi injini. Inanunua kwa General Electric na Rolls-Royce, na hakuna anayeilaumu. Watengenezaji hao wanauza kwa zaidi ya mjenzi mmoja wa ndege, hivyo gharama za utafiti hugawanyika. Ujuzi wao umejengwa kwa miongo mingi. Injini inaweza kupimwa peke yake kabla ya kufungwa, na mahali inaposhikana na bawa panajulikana wazi. Bawa jipya la nyuzi za kaboni halikuwa na sifa hizo: hapakuwa na soko lake, usanifu ulikuwa ukibadilika, na ubora wake ulitegemea jinsi lilivyoungana na sehemu nyingine. Zaidi ya hayo, anayejua kutengeneza bawa ameshika nusu ya ujuzi wa kutengeneza ndege.

Boeing ilianza kurudisha kazi nyumbani kabla ndege haijaruka. Mwaka 2009 ilinunua kiwanda cha Vought cha Charleston, na kufikia mwisho wa mwaka huo ikachukua pia hisa za Alenia katika kampuni jirani iliyounganisha bodi la kati. Mwaka 2011 Jim Albaugh, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha ndege za abiria, alikiri hadharani kwamba kampuni ilitumia fedha nyingi zaidi kurekebisha mambo kuliko ambazo ingetumia kama ingeweka teknolojia muhimu karibu nayo. Gharama za uzalishaji wa 787 zilizokuwa zikisubiri kufidiwa na mauzo ya baadaye zilipita dola bilioni 28 vitabuni. Ilipofika zamu ya 777X, Boeing ilitumia zaidi ya dola bilioni moja kujenga Everett kiwanda chake cha mabawa ya nyuzi za kaboni.

Sura ndefu zaidi ni ya Wichita, jimbo la Kansas. Mwaka 2005 Boeing iliuza viwanda vyake vya huko kwa wawekezaji wa Onex, kwa takriban dola milioni 900 taslimu, vikawa kampuni ya Spirit AeroSystems iliyotengeneza bodi la 737. Januari 2024 kizibo cha mlango kiling'oka kwenye 737 ya Alaska Airlines ikiwa angani. Uchunguzi ulionyesha kwamba kizibo kilifunguliwa kiwandani kwa Boeing ili kurekebisha ribiti zilizotoka Spirit zikiwa na kasoro, kisha kikarudishwa bila boliti zake nne. Julai mwaka huo Boeing ilitangaza kuinunua Spirit kwa hisa za dola bilioni 4.7, au bilioni 8.3 pamoja na madeni. Ununuzi ulikamilika Desemba 2025, na viwanda vya Spirit vilivyokuwa vikiitengenezea Airbus vikachukuliwa na Airbus.